UZI: Ng'ombe kapandishwa mara mbili, siku 31 katikati. Nihesabu kuzaa kutoka tarehe ipi?

Bibi wa Kiwira (14 Desemba 2025)

Wakuu habari za jioni, wazee shikamooni.

Nina ng'ombe wangu chotara wa friziani, uzao wa tatu, namfungia bandani hapa Kiwira, Rungwe. Yuko peke yake, jirani yake ni ndama wake tu. Naomba mnisaidie hesabu maana imenichanganya na kukausha kunakaribia.

Alizaa tarehe 9 Aprili mwaka huu. Tarehe 27 Mei nikamuona joto, analia, ute unaning'inia, ila nilimwacha kwa sababu hata miezi miwili haikuwa imefika. Tarehe 17 Juni joto tena, nikampigia mhimilishaji akaja na mrija jioni. Nikajua tumemaliza. Sasa tarehe 18 Julai asubuhi nakuta analia vilevile, ndama wake anajaribu kumpanda na yeye katulia kabisa hasogei, nikamwita mhimilishaji mwingine maana yule wa kwanza hakupatikana, akampandisha. Tangu hapo kimya, hajarudi joto.

Tarehe 9 mwezi huu mtaalamu akampima mimba kwa mkono, akasema mimba ipo, "miezi mitano au sita". Nikamuuliza ni mitano au ni sita, akasema kwa umri huo tumbo limeshazama hawezi kuapa. Kadi yangu nayo yule wa kwanza hakuandika kitu, tarehe ninazo mimi kwenye daftari la jikoni.

Sasa nahesabu kutoka Juni au kutoka Julai? Mwezi mzima wa tofauti sio mdogo jamani, anakamuliwa lita 7 kwa siku.

Dogo Njombe

Mama hiyo rahisi, siku zote unahesabu kutoka upandishaji wa mwisho. Karudi joto maana yake ya kwanza haikushika, basi. Ng'ombe ni miezi tisa na wiki moja. Julai 18 ongeza miezi tisa ni Aprili 18, ongeza wiki ni Aprili 25. Imeisha hiyo.

Mkinga wa Milimani

Kamwene wote. Mimi nafuga mbuzi Makete nao wananisumbua hizohizo tarehe, beberu yuko nao mwaka mzima, mwaka huu vitoto tisa vimezaliwa Julai na sita vimekufa, asubuhi unakuta kamekauka pembeni ya mama yake, baridi ya huku mnaijua. Mbuzi ni miezi mingapi hasa na nitumie dawa gani ya mapafu?

Fundi Mbegu

Kamwene, kamwene. Mkinga nitakurudia, swali lako ni zuri ila si dawa utakayohitaji.

Bibi wa Kiwira, shikamoo. Mimi nimepandisha ng'ombe kwa mrija miaka mingi Iringa, Kilolo na Mufindi, na nikuambie ukweli, daftari lako la jikoni lina thamani kuliko kadi ya yule mwenzangu. Tarehe tatu ulizoandika zinaongea.

Dogo amesema jambo ambalo mara nyingi ni sahihi, lakini hapa lisimeze swali. Tazama nafasi kati ya joto na joto. Kutoka 27 Mei hadi 17 Juni ni siku 21 kamili. Ng'ombe ambaye hana mimba anarudi kati ya siku 18 na 24, wengi 21. Kwa hiyo joto la Juni lilikuwa la kweli, halina mashaka, na kama asingeshika angerudi karibu na 8 Julai. Ulimuona 8 Julai?

Bibi wa Kiwira

Marahaba mwanangu. 8 Julai sikuona kitu na nilikuwa nyumbani wiki ile yote, asubuhi saa kumi na mbili niko bandani na jioni nakamua mwenyewe.

Fundi Mbegu

Basi hapo ndipo penye shughuli. Kutoka 17 Juni hadi 18 Julai ni siku 31. Hiyo sio 21 na sio 42. Ingekuwa 42 au 43 ningesema joto moja lilipita usiku hukuliona, hiyo ni ya kila siku, hasa kwa ng'ombe wa kufungia ambaye hana mwenzake wa kumpanda, na joto lenyewe linakaa nusu siku tu hivi, likianza saa mbili usiku asubuhi unakuta limeshapoa.

Siku 31 ina njia mbili zinazoaminika. Ya kwanza, alishika Juni, mimba ikafa changa. Kizazi cha ng'ombe kinatambua kwamba kuna mimba kama siku ya 16 au 17. Kijusi kikifa kabla ya hapo mama anarudi joto siku zake za kawaida, huwezi kujua kama kulikuwa na kitu. Kikifa baada ya hapo, kile kinachozuia joto kinachelewa kuondoka, ndio unamuona anarudi siku ya 28, ya 31, ya 35. Kama ni hivyo mimba aliyonayo ni ya Julai.

Njia ya pili, mimba ya Juni ilikuwa hai na ile ya Julai ni joto la uongo. Wapo ng'ombe wachache wanaonyesha joto wakiwa na mimba, wanalia, wengine hata wanapanda wenzao. Hapo mimba ni ya Juni, na kumwingiza mrija ilikuwa hatari kubwa, mimba inaweza kutoka.

Kwa hiyo dogo, "siku zote ya mwisho" inavunjika hapo. Mama naomba unijibu matatu: Julai ute ulikuwaje, mhimilishaji alisema nini mrija ulipoingia, na siku mbili tatu baadaye uliona damu mkiani?

Dada Mafinga

Damu mkiani maana yake mimba haijashika, mie niliambiwa hivyo na mama mkwe na imetokea kwangu mara mbili.

Bibi wa Kiwira

Ute Julai ulikuwa mwingi, mweupe kama ute wa yai, umening'inia mpaka magotini na mkia umeganda. Kijana alipoingiza mrija akasema "mama huyu kafunguka vizuri" hakuhangaika. Na damu niliiona tarehe 20 Julai asubuhi, imekauka kwenye nywele za mkia na kidogo sakafuni. Kusema kweli niliumia sana, nikajua imeharibika kama anavyosema dada hapo.

Fundi Mbegu

Pole kwa kuumia bure mama. Dada Mafinga, samahani, hapo mama mkwe alikosea ingawa wengi wanaamini hivyo. Damu ile haisemi ameshika wala hajashika. Inasema tu kwamba joto la kweli lilikuwepo siku moja hadi tatu zilizopita. Ng'ombe wanaoshika wanatoa na wasioshika wanatoa. Hizo mara mbili zako zingeweza kutokea hata bila damu. Tena ina faida, ukiiona damu na hukuona joto ujue lilikupita jana au juzi, usimwite mtu siku hiyo maana umechelewa, weka alama kwenye kalenda na uanze kumchunga kuanzia siku ya 16 mbele.

Sasa kwa Bibi, ute mwingi mwembamba, kusimama akipandwa bila kusogea, mlango wa kizazi kupitika kirahisi, halafu damu siku ya pili. Ng'ombe mwenye mimba mlango wake umezibwa na ulimbo mzito unaonata, kijana angekwama au angeuona kwenye mrija wake. Mimi naegemea Julai. Sio kwa sababu ni ya mwisho, ni kwa sababu dalili zote nne ni za joto la kweli.

Dogo Njombe

Sawa mzee nimekuelewa, kumbe jibu nilipata ila njia sikuwa nayo. Na hiyo ya 43 imenigusa, wangu alirudi siku ya 43 mwaka jana nikamtibu kizazi kwa hela nyingi.

Fundi Mbegu

Hesabu yenyewe sasa. Friziani na chotara wake natumia siku 280. Dogo miezi tisa na wiki ni karibu sana, ila miezi haina urefu sawa, bora siku. Kwa mwenye simu yenye jedwali andika tarehe ya kupandisha kwenye A2, halafu:

```
kuzaa:    =A2+280
kukausha: =A2+220
```

Kwa Bibi, ukihesabu kutoka 17 Juni anazaa karibu 24 Machi na kukausha ni 23 Januari. Ukihesabu kutoka 18 Julai anazaa karibu 24 Aprili na kukausha ni 23 Februari. Usishike siku moja kama harusi, wiki moja kabla au baada ni kawaida. Ndama dume anachelewa siku moja mbili, mapacha wanawahi. Na kama mbegu ilikuwa ya brauni swisi au ya ng'ombe wa asili ya zebu, weka siku chache mbele, damu ya baba inavuta tarehe.

Bibi wa Kiwira

Mbegu zote mbili friziani, kuna jina la dume nimeliandika. Sasa nikausheje? Nikikausha Januari halafu ni ya Aprili nimetupa mwezi, lita 7 mara siku 31 ni lita 217, hiyo ni karo ya mjukuu. Nikikausha Februari mwishoni halafu ni ya Machi si nitamkamua mpaka mlangoni?

Fundi Mbegu

Ndio hesabu halisi hiyo. Chuchu zinahitaji kama siku 60 kupumzika na kujijenga upya, ukishuka chini ya 40 uzao unaofuata maziwa yanapungua na hata dang'a inakuwa haba, ndama anaumia. Kuzidi 60 kidogo hakumdhuru sana isipokuwa ananenepa ukimpa pumba nyingi, na aliyenenepa anazaa kwa shida.

Ningekuwa mimi ningekausha tarehe 8 Februari. Kama ni ya Machi amepata siku 44, hazitoshi vizuri ila hazijaharibu. Kama ni ya Aprili amepata 75, umepoteza wiki mbili za maziwa badala ya mwezi. Na kabla ya hapo kuanzia mwisho wa Januari mwangalie kiwele na sehemu za nyuma kila jioni.

Dada Mafinga

Mimi nisingesubiri, ningemwita mtaalamu mwingine apime tena. Wawili wakikubaliana unakata shauri.

Fundi Mbegu

Dada kupima tena sio vibaya, ila umri wa mimba mkono unaujua vizuri kati ya miezi miwili na mitatu, pale kizazi bado unakifunika kwa kiganja na unasikia maji yanavyocheza. Mwezi wa tano na wa sita kizazi kimeshuka chini ya tumbo, mkono haufiki, unabaki kupapasa mshipa wa damu na vifundo vya kondo. Mtaalamu wa Bibi alisema ukweli kwamba hawezi kuapa, na mimi namheshimu kwa hilo. Mama mwaka kesho mpimishe siku ya 60 hadi 90, haya yote yasingekuwepo.

Mkinga wa Milimani

Mzee mimi nimebaki hapa na mbuzi zangu.

Fundi Mbegu

Nimekuona. Mbuzi ni siku 150, zinacheza 145 hadi 155, na anarudi joto kila siku 21 hivi kama ng'ombe. Sasa hesabu kwa kurudi nyuma, waliozaliwa Julai walipandwa Februari. Februari kwenu mvua, majani tele, majike yamenenepa, na beberu yupo ndani, kwa hiyo wakaingia joto karibu wote. Wewe hujapanga ila mvua imekupangia, na imekupangia wazae kwenye baridi kali ya mwaka. Kitoto cha mbuzi kikizaliwa kimelowa na banda lina upepo kinapoa kabla hakijasimama kunyonya, ukimpa dawa ya mapafu umechelewa.

Mtenge beberu. Ratiba iwe hivi: anaingia 4 Mei, anatoka 15 Juni, hizo ni siku 42, kila jike anapata nafasi mbili za joto. Wa kwanza wanazaa kama 1 Oktoba na wa mwisho kama 12 Novemba. Baridi imeshapungua na majani yanaanza kuchipua mvua zikifungua.

Mkinga wa Milimani

Beberu wa jirani anazurura lakini. Na wengine hapa wanasema Oktoba ni ukame, mama hana maziwa, bora wazae Machi.

Fundi Mbegu

Hoja ya maziwa ni ya kweli, Oktoba lazima uwe na chakula ulichoweka, mabua ya maharage, majani ya viazi vitamu uliyokausha, matawi ya lusina kama unayo. Bila hayo wanaosema Machi wanaweza kunishinda mimi, ila Machi mvua na matope na minyoo. Sina jibu moja kwa Makete nzima, bonde na mlima sio sawa. Beberu wa jirani ongea na jirani, hilo mimi sina mrija wake. Na yale majike yasiyoshika kwenye siku 42 usiyabembeleze, yaandike.

Dada Mafinga

Na kwa ng'ombe je, mwezi gani mzuri wa kuzaa? Mimi nawapandisha Septemba ili wazae Juni, kiangazi maziwa yana bei.

Dogo Njombe

Njombe Juni unazalia barafu dada, majani yameungua na baridi, ng'ombe ana maziwa kilele wiki ya sita na hana cha kula. Mimi nataka Novemba, mvua inaanza, matete yanakua.

Dada Mafinga

Ndio maana nafukia mahindi shimoni Aprili. Mwenye sileji hamuogopi Juni.

Bibi wa Kiwira

Huku kwetu Kiwira mvua hazikatiki sana, gwatemala ipo karibu mwaka mzima, hilo mtaniachia. Mie nafanya 8 Februari kama Fundi alivyosema. Ndaga fijo wanangu.

Bibi wa Kiwira (29 Aprili 2026)

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi moyoni.

Nilikausha 8 Februari. Nilipunguza pumba wiki moja kabla, nikawa namkamua mara moja kwa siku, halafu nikaacha, mtaalamu akaweka dawa chuchu zote nne. Mwisho wa Januari nilikuwa naangalia kiwele kila jioni, hakuna kitu. Tarehe 24 Machi ikapita, kiwele kimesinyaa tu, nikaanza kulala.

Tarehe 14 Aprili kiwele kikaanza kujaa. Tarehe 25 chuchu zimejaa zinang'aa na mishipa ya pande mbili za mkia imelegea, ukibonyeza kidole kinazama. Tarehe 27 usiku saa nane kasimama, kalala, kasimama, saa kumi kaleta dume, miguu ya mbele kwanza, mwenyewe bila kusaidiwa. Kalamba ndama mpaka kakauka. Dang'a ya kwanza alinyonya kabla ya saa moja asubuhi.

Nimehesabu na mjukuu, kutoka 18 Julai ni siku 283. Kutoka 17 Juni ingekuwa 314.

Fundi Mbegu

Hongera sana mama! Siku 314 ng'ombe huyo hayupo, basi ni ya Julai bila ubishi, ile ya Juni ilikufa changa. Na dume kachelewa siku tatu, kawaida yao.

Andika leo kwenye lile daftari: alizaa 27 Aprili 2026. Siku 60 zinaisha 26 Juni. Joto lolote kabla ya hapo liandike tu, usipandishe, ila tarehe zake ndizo zitakuambia baadaye kama anazunguka 21. Joto la kwanza baada ya 26 Juni ndio umwite mtu. Ukimuona asubuhi apandishwe jioni, ukimuona jioni apandishwe kesho asubuhi. Likiangukia 26 Juni yenyewe, utakuwa unasubiri ndama karibu 2 Aprili 2027.

Bibi wa Kiwira

Nimeandika. Na nimemwambia mjukuu anunue kalenda ya ukutani yenye nafasi kubwa, itatundikwa mlangoni mwa banda.

Dogo Njombe

Mzee Fundi swali, ile mimba kufa changa Juni inasababishwa na nini? Naogopa kwa wangu.

Fundi Mbegu

Mengi dogo. Chakula kilichopungua ghafla baada ya kupandisha, homa, kizazi ambacho hakijasafika baada ya kuzaa, mbegu au yai lenye kasoro tangu mwanzo. Mara moja kwa ng'ombe mmoja siwezi kukuambia ni lipi, hata nikiwa bandani kwake. Ikitokea mara ya pili kwa yuleyule, au kwa ng'ombe watatu wa mtaa mmoja, hapo ita mtaalamu achukue sampuli za damu na ute, maana kuna magonjwa yanayopitishwa na dume la kuazima.

Mkinga wa Milimani

Beberu naingiza Jumatatu, 4 Mei. Jirani kakubali kumfunga wake, nampa debe la viazi.